Vitunguu Havihesabu Siku Tatu: Majibu kwa Wanaopuuza Hesabu ya Maji Shambani

Mang'ola, wilayani Karatu, vitunguu maji huoteshwa kwa maji ya chemchemi yanayoteremka kwa mifereji hadi kwenye majaruba, na shamba moja hupokea maji kwa zamu baada ya jingine. Kwenye kilimo cha namna hii maji ndiyo gharama, ndiyo ugomvi na ndiyo mavuno. Hata hivyo, ushauri unaopewa mkulima mgeni katika maeneo mengi ya vitunguu ni mfupi mno: mwaga kila baada ya siku tatu, ukizidisha hupotezi kitu, na hesabu za kitaalamu waachie wenye mashamba makubwa ya maua. Nayajibu hapa madai hayo moja baada ya jingine, kwa zao hili hili la kitunguu, kwa sababu ni zao lisilosamehe makosa ya maji.

Kwanza tukubaliane juu ya hesabu yenyewe. Kila siku jua, upepo na ukavu wa hewa huvuta maji kutoka kwenye udongo na kupitia majani. Wataalamu hupima nguvu ya mvuto huo kwa kukadiria maji ambayo yangepotea kwenye majani mafupi ya sentimita 12, yaliyofunika ardhi yote na yasiyokosa maji. Kiasi hicho huitwa ETo na huandikwa kwa milimita kwa siku. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, na kwenye ekari ni kama lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Kitunguu si majani hayo, kwa hiyo ETo huzidishwa kwa namba ya zao, Kc, ili kupata mahitaji ya kitunguu chenyewe kwa siku hiyo, ETc. Kwa mujibu wa mwongozo wa FAO wa mwaka 1998, namba 56 katika mfululizo wake wa umwagiliaji, Kc ya kitunguu ni 0.7 miche ikiwa michanga, 1.05 majani yakiwa yamekamilika na kitunguu kinajaa, na hushuka hadi 0.75 kikikaribia kuvunwa.

“Kitunguu kinamwagiliwa kila baada ya siku tatu, basi.”

Dai hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapotosha watu. Tuchukue mche uliohamishwa kutoka kitaluni wiki iliyopita. Mizizi yake haijavuka sentimita 15. Udongo wa tifutifu hushika takriban milimita 150 za maji yanayotumika na mmea katika kila mita moja ya kina, kwa hiyo mche huu una milimita 22 tu chini yake. Tena hauwezi kuzitumia zote kwa raha. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, haina matawi mengi, na vinyweleo vyake ni vichache. FAO hukadiria kwamba kikishatumia asilimia 30 ya akiba hiyo, kitunguu huanza kubana matundu ya majani na ukuaji hupungua. Asilimia 30 ya milimita 22 ni karibu milimita 7. Siku ya ETo ya milimita 5, mche huu hutumia 5 × 0.7, yaani 3.5. Akiba ya raha inaisha baada ya siku mbili. Mwenye kumwaga kila siku tatu amechelewa siku nzima, tena katika wiki ambazo mche unatakiwa kushika ardhi.

Sasa songa mbele hadi kitunguu kinapojaa. Mizizi imefika sentimita 40, akiba yote ni milimita 60, na sehemu inayotumika bila madhara ni 18. Mahitaji yamepanda hadi milimita 5.25 kwa siku. Gawanya, utapata siku tatu na kidogo. Hapo ndipo ushauri wa siku tatu ulipozaliwa, na hapo ni sahihi: tifutifu, katikati ya msimu, hali ya hewa ya wastani. Hamisha shamba hilo hilo kwenye kichanga kinachoshika milimita 80 kwa mita, na akiba ya raha inashuka chini ya milimita 10, ambayo haimalizi siku mbili. Lirudishe kwenye tifutifu, lakini uchukue kipindi cha baridi na mawingu ambapo ETo ni 4, na zamu inaweza kusubiri hadi siku ya nne bila kitunguu kuhisi lolote.

Angalia pia jambo ambalo wengi hulikosea hata wakiwa wameanza kuhesabu. Mche mchanga unahitaji maji machache kwa siku kuliko kitunguu kinachojaa, lakini unayahitaji mara nyingi zaidi. Mahitaji ya siku na umbali kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine ni vitu viwili tofauti. Cha kwanza hutoka hewani na kwenye majani, cha pili hutegemea pia kina cha mizizi na aina ya udongo. Mwanzoni mwaga kidogo na mara kwa mara. Baadaye mwaga kwa kina na upishe siku.

Shambani hesabu hii huendeshwa kwa daftari lenye safu tatu: ETo ya siku, matumizi ya zao, na upungufu uliojikusanya. Tuseme kitunguu kinajaa, na Jumatatu alfajiri udongo umetoka kushiba, upungufu ni sifuri. Jumatatu ETo ilikuwa 5.0, zao likatumia 5.3. Jumanne palikuwa na upepo, ETo 5.6, zao likatumia 5.9, na upungufu ukafika 11.2. Jumatano mawingu yalitanda, ETo 4.2, zao likatumia 4.4, upungufu ukawa 15.6. Mpaka wetu ni 18. Alhamisi ikiwa siku ya kawaida itaongeza 5, tutavuka mpaka kabla ya jioni. Kwa hiyo maji yaingie Alhamisi asubuhi, na kiasi cha kurudisha ni milimita 16. Hatuzidishi wala hatupunguzi.

Milimita 16 kwenye ekari ni kama mita za ujazo 65. Lakini mifereji ya udongo ndani ya shamba hupoteza maji njiani na kuyazamisha mahali yasipohitajika, na makadirio ya kawaida ni kwamba asilimia 60 tu ndiyo hubaki kwenye mizizi. Gawanya 65 kwa 0.6 upate 108. Ili kujua hizo ni saa ngapi, elekeza maji kwenye pipa la lita 200 na uhesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 20, unapata lita 10 kwa sekunde, mita za ujazo 36 kwa saa. Ekari yako inahitaji saa tatu. Mtu anayesema “naachia maji hadi jaruba lijae” hajui kama amemwaga saa mbili au tano, na kitunguu chake kinajua.

“Hizo Kc zimetengenezwa ughaibuni, hali ya hewa yetu ni tofauti.”

Hoja hii ningeiheshimu zaidi kama wanaoitoa wangekuwa wanapinga namba inayostahili kupingwa. Tofauti ya hali ya hewa kati ya Mang'ola na mahali pengine popote huingia kwenye ETo, na ETo hupimwa hapa hapa. Kc hubeba umbo la mmea: urefu wake, ukubwa wa majani, na kiasi cha ardhi kilichofunikwa. Kitunguu kilichokomaa ni kile kile popote.

Kinachobaki ni kidogo, na kina marekebisho yake. Kc za jedwali la FAO zimewekwa kwa upepo wa mita 2 kwa sekunde na unyevu wa hewa wa mchana usioshuka chini ya asilimia 45. Chukua mahali pakali zaidi: upepo wa mita 4, unyevu asilimia 30. Kwa mmea wa sentimita 40, marekebisho hupandisha 1.05 hadi kama 1.13. Tofauti hiyo haifiki hata nusu milimita kwa siku. Kwa mimea mirefu kama mahindi au miwa tofauti huwa kubwa zaidi, lakini kwa kitunguu si sababu ya kutupa hesabu nzima.

Namba inayostahili shaka ni ile ya mwanzo, 0.7. Wakati huo maji mengi hayapiti kwenye mmea, yanatoka kwenye udongo ulio wazi, na udongo hupoteza maji kulingana na mara ngapi unaloweshwa. Ukimwaga kila siku, uso wa jaruba haukauki na Kc halisi hupanda juu ya ile ya jedwali. Ukitandaza nyasi kavu, hushuka. Vilevile urefu wa vipindi vilivyoandikwa vitabuni usiunakili. Hesabu siku zako kwa kuangalia majani yanavyofunika ardhi na vichwa vinavyoanza kuvimba.

Na ETo itoke wapi? Programu ya FAO inayoitwa CROPWAT hutolewa bure, pamoja na CLIMWAT yenye wastani wa vituo vya hali ya hewa, vikiwamo vya Tanzania na Kenya. Asiye na kompyuta anaweza kutumia kipimajoto kinachoonyesha joto la juu na la chini la siku, kwa kanuni ya Hargreaves:

```
ETo = 0.0023 × (Tmean + 17.8) × √(Tmax − Tmin) × Ra
```

Ra ni nguvu ya jua inayofika juu ya anga, nayo husomwa kwenye jedwali kwa latitudo na mwezi. Karibu na latitudo 3.5 kusini, katikati ya Agosti, ni sawa na milimita 14.2 kwa siku. Siku ya joto la juu nyuzi 30 na la chini 17, wastani ni 23.5, na jibu ni 4.9. Kanuni hii haioni upepo, kwa hiyo siku za upepo mkali hukadiria chini. Ukijua hilo, zamu ya siku hizo iwahishe kidogo.

“Jicho la mkulima latosha: udongo ukikauka juu, mwaga.”

Uso wa udongo hukauka ndani ya siku moja ya jua hata kama sentimita ishirini chini yake pamejaa maji. Kinyume chake pia hutokea: maji yamepita haraka juu ya jaruba lililoganda, uso umelowa, na chini mizizi iko kwenye vumbi. Hali ya juu haikuambii chochote kuhusu kule mizizi inakokula.

Wenye kutazama majani nao wana shida. Nyanya ikikosa maji hulegea mchana na unaiona. Kitunguu hakilegei kwa namna hiyo. Rangi ya majani hufifia kidogo, ncha hukauka, na kufikia hapo ukuaji umekwisha kusimama kwa siku kadhaa. Upungufu unaotokea wakati vichwa vinajaa haufidiwi baadaye kwa maji mengi. Vitunguu vinabaki vidogo, na vingine hupasuka au kugawanyika.

Jicho lina kazi yake, ila lishushwe chini. Chimba kwa panga hadi sentimita 20, chukua konzi ya udongo uifinye. Tifutifu ikishikana na kuacha unyevu kiganjani, subiri. Ikishikana lakini ikivunjika ukiigusa kwa kidole, na kiganja kikabaki kikavu, umekaribia mpaka. Isiposhikana kabisa, umechelewa. Halafu siku moja baada ya kumwaga, chimba tena hadi sentimita 50. Ukikuta tope kule chini, ulipitiliza. Ukikuta pakavu kwenye sentimita 30, maji hayakufika, hata kama jaruba lilionekana limejaa. Mashimo haya mawili ndiyo yanayosahihisha daftari, kwa sababu makosa madogo ya ETo na Kc hujilimbikiza, na baada ya wiki mbili upungufu wa kwenye karatasi unaweza kuachana na ule wa ardhini. Yakipishana, amini shimo, urekebishe karatasi.

“Maji ya ziada hayadhuru, yanakaa chini kama akiba.”

Yangekaa kama kungekuwa na mizizi ya kuyafuata. Kitunguu hakina. Maji yaliyoshuka chini ya sentimita 40 yamekwenda, na hayakwenda peke yake: urea uliyonyunyiza, ikishageuka naitreti, huyeyuka na kushuka nayo. Mkulima huona majani yakigeuka manjano, hudhani mbolea haikutosha, hununua mfuko mwingine, na zamu ijayo huusafirisha nao chini. Udongo uliotota pia hunyima mizizi hewa na kufungua mlango wa magonjwa ya kuoza.

Mwisho wa msimu hasara huonekana wazi zaidi. Maji hukatwa kati ya wiki mbili na nne kabla ya kuvuna, kwa kuangalia majani yanavyoanza kuanguka shingoni. Anayeendelea kumwaga ili “kuongeza kilo” huvuna vitunguu vyenye shingo nene isiyofunga, na kuoza huanzia hapo hapo ghalani. Uzito alioupata ni wa maji, na mnunuzi wa mwezi unaofuata ataupima kwa pua.

Kuna mahali pamoja ambapo kuzidisha ni sahihi. Kwenye maji au udongo wenye chumvi, kiasi cha ziada lazima kipite chini ya mizizi ili kuisukuma chumvi, na kitunguu ni kati ya mazao yanayoumizwa mapema na chumvi. Lakini ziada hiyo hukadiriwa baada ya kupima chumvi ya maji, na hutolewa kwa makusudi. Haihalalishi jaruba linalofurika kila zamu.

“Ukifunga dripu, mahitaji ya maji yanapungua nusu.”

Haya husemwa na wauzaji wa mipira, na ni lazima yasahihishwe kwa sababu yanauza ndoto. Mmea haujui maji yamefikaje. Majani yale yale, chini ya jua lile lile, hutoa hewani karibu kiasi kile kile. Dripu hupunguza hasara ya njiani na, mwanzoni mwa msimu, huacha sehemu ya udongo ikiwa kavu. Rudi kwenye milimita 16 zetu. Kwa mfereji tuligawanya kwa 0.6 tukapata mita za ujazo 108. Kwa dripu inayofanya kazi vizuri tunagawanya kwa 0.9 na kupata 72. Umeokoa theluthi moja, na hiyo ni faida kubwa isiyohitaji kuongezewa chumvi.

Mwenye kuamini nusu atamwaga nusu, na kitunguu kitashinda na njaa ya maji. Yupo pia yule wa upande wa pili, anayeacha bomba wazi usiku kucha kwa kuwa uso unaonekana mkavu. Kwenye dripu maji yanayozama hayaonekani kabisa, kwa hiyo daftari na shimo vinahitajika zaidi kuliko kwenye mfereji.

“Mvua imenyesha, ruka zamu.”

Inategemea imenyesha kiasi gani na upungufu ulikuwa kiasi gani. Upungufu ukiwa 14 na mvua ikawa 6, bado una 8 na siku mbili za kusubiri. Mvua ikiwa 40, ni 14 tu zilizokufaa, nyingine zimepita. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka na mdomo ulio sawa na kitako, kikiwekwa mahali wazi, kinatosha kupima kwa rula.

“Zamu hupangwa na kamati. Nikijua siku sahihi, itanisaidia nini?”

Hili ndilo dai zito kuliko yote, na wanaolitoa wana haki ya kujibiwa vizuri. Tuseme zamu yako inarudi kila baada ya siku tano. Kitunguu kinachojaa kitakuwa kimetumia milimita 26, wakati mpaka ni 18. Siku moja na nusu ya kila mzunguko zao liko kwenye dhiki. Wengi hujibu kwa kumwaga maradufu zamu ikifika. Haisaidii: udongo hupokea upungufu uliopo, na ziada hushuka. Milimita 40 leo hazizuii kiu ya siku ya nne.

Kinachosaidia ni kugawa saa zile zile. Wenye mashamba mawili jirani, kila mmoja akiwa na saa sita kwa siku tano na zamu zao zikipishana siku mbili au tatu, wanaweza kupeana saa tatu tatu ili kila shamba lipate maji mara mbili kwa mzunguko. Maji ya mfereji hayajaongezeka hata lita moja, lakini upungufu wa juu kabisa unashuka hadi milimita 13 au 16, na zao halivuki mpaka. Pale ambapo hilo halikubaliki, punguza eneo ili saa zitoshe, tandaza nyasi kati ya mistari, au panga tarehe ya kupandikiza ili wiki za kujaa vichwa zisiangukie miezi ya ETo ya juu.

Kamati nayo ina la kufanya. Ikipima mtiririko kwenye lango la kila shamba na kuuliza kila mkulima amepanda lini na udongo wake ni wa namna gani, itajua kwamba shamba la kichanga lenye miche ya wiki mbili na shamba la tifutifu lenye vitunguu vinavyojaa hayastahili zamu moja. La kwanza lipewe saa chache mara nyingi, la pili saa nyingi kwa nafasi. Wanakamati, kabla ya kupanga zamu za msimu ujao, chukueni pipa, saa na daftari, mpite mashamba yote na kuandika.